Kuchelewa Kulikopewa Mtu Mmoja

Nikisikia mtu anasema "alama za kila mfanyakazi", natafuta mlango. Sitanii. Juzi juzi nilikuwa kwenye mkutano wa watu wa viwanda vidogo, bwana mmoja aliyefunga tai akasimama na kusema dawa ya kuchelewesha kazi ni kumpima kila mtu kivyake na kubandika matokeo ukutani. Nikainuka, nikatoka nje kunywa maji. Ningebaki ningemtukana, na umri wangu huu hauruhusu tena matusi ya mbele za watu.

Miaka tisa nilifanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji mtaa wa Muhima, juu ya duka la matairi, pale barabara inapoanza kuteremkia kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Tulikuwa watano. Patroni, yaani tajiri mwenye kiwanda, aliyekulia Bujumbura akarudi na familia yake na mashine moja ya kuchapa. Msanifu, aliyepanga kurasa kwenye kompyuta na kutengeneza pleti, yale mabamba membamba yanayofungwa kwenye mashine. Mchapaji, aliyeiendesha mashine yenyewe. Na mwisho wa chumba, kwenye meza ndefu chini ya dirisha, mama mmoja aliyekunja karatasi, akapiga pini, akabandika majalada na kukata kingo. Mimi nilikaa mlangoni, napokea wateja na kupanga kazi.

Yule mama ndiye aliyeniingiza pale. Mimi mtoto wa mtaa wa Rwezamenyo, biashara ya vitambaa ya baba imenishinda, sina mbele wala nyuma, na yeye alikuwa akishonesha nguo kwa jirani yetu. Siku moja akanishika mkono, akanipeleka kwa patroni na kumwambia, "Huyu akiharibu, uniulize mimi." Basi. Ndiyo barua yangu ya maombi ya kazi hiyo. Alinifundisha kupima uzito wa karatasi kwa vidole, na kujua upande ambao karatasi inakubali kukunjwa bila kupasuka. Ijumaa ikifika saa sita na nusu, alikuwa ananifukuza mezani. "Nenda, Mungu wako anakungojea. Wangu atanisubiri Jumapili." Mimi nami nilikuwa namuuliza kama wa kwake huwa hachoki kusubiri wiki nzima. Alinirushia vipande vya karatasi.

Aibu yetu ilikuwa tarehe. Mteja yeyote tulimwambia, "Njoo Ijumaa." Kazi ya siku mbili, Ijumaa. Kazi ya wiki mbili, Ijumaa. Tulikuwa waongo wenye adabu, tunatabasamu huku tunadanganya. Mpaka siku shangazi wa bibi harusi mmoja alipokuja kuchukua kadi za mwaliko, hazipo. Akavuta kigoda, akakaa katikati ya mlango. "Mimi siondoki," akasema. "Mlisema Ijumaa. Sasa niambieni, Ijumaa ya mwaka gani?" Alikaa mpaka jioni. Wateja wengine walimruka kama kizingiti. Nilitamani sakafu inimeze.

Kutokana na aibu ile nikanunua daftari kubwa la mistari. Nikalipanga hivi: kila kazi na ukurasa wake, na kila hatua ya kazi na tarehe mbili. Ya kwanza mtu anaiandika mwenyewe kwa mkono wake, ndiyo siku anayoahidi kumaliza. Ya pili ni siku aliyomaliza kweli. Kisha chini kabisa, tarehe aliyoambiwa mteja na tarehe mzigo ulipotoka mlangoni. Kipimo chetu kilikuwa hicho cha chini tu. Mwisho wa mwezi tunauliza: kazi ngapi zilitoka siku tuliyosema, na ngapi hazikutoka? Zile za juu zilikuwa za kujifunza, tujue kazi inakwama wapi.

Wenzangu walinitazama kwa jicho la pembeni. Mchapaji akasema, "Hii ni kitabu ya polisi." Nikamwapia wallahi si ya polisi. Nikamwita patroni asimame mbele yao aseme mwenyewe, na akasema, tena kwa sauti: "Mimi iko na neno moja. Tutahesabu kiwanda kama mtu mmoja. Hakuna mtu ataulizwa peke yake." Akatushika mkono mmoja mmoja. Mama akacheka, akasema, "Haya, tumefunga ndoa."

Jamani, ile miezi ya mwanzo ilikuwa mitamu! Kwa kuwa hakuna aliyeogopa, watu walisema kweli. Mchapaji akaandika siku tatu mahali alipozoea kuropoka moja, akaeleza kwamba kubadilisha rangi kunataka kuosha mashine, na masika wino haukauki haraka. Msanifu akakiri kwamba vijitabu vinamtatiza. Maana kijitabu hakichapwi ukurasa kwa ukurasa. Ukiwa na kurasa kumi na sita za kupigwa pini katikati, wa kwanza unachapwa ubavuni mwa wa kumi na sita, wa pili ubavuni mwa wa kumi na tano, namba za kila jozi zijumlike kumi na saba, la sivyo ukikunja unapata fujo. Mama alikuwa anachukua karatasi chakavu, anazikunja kijitabu kidogo, anaandika namba za kurasa kwa penseli, anazikunjua na kumpelekea msanifu azifuate. Kazi ya nusu saa iliyookoa siku mbili. Aliacha meza yake kwenda kuifanya, na hakuna aliyemuuliza, maana kijitabu kikitoka kwa wakati kimetoka kwetu sote.

Nikajifunza kuongeza siku moja ya kukausha kabla ya kumpa mteja tarehe. Tukaacha kusema Ijumaa. Tukasema "Jumanne ya tarehe fulani," na Jumanne hiyo mteja anakuta mzigo umefungwa kamba. Kuna mwezi mmoja ni kazi moja tu iliyotuponyoka. Patroni akaagiza chapati na chai ya maziwa kwa wote. Nilijiona mtu.

Sasa ngojea uone nilivyochezwa shere.

Patroni alikwenda kwenye semina ya siku tatu hotelini. Alirudi na faili lenye kung'aa na msamiati mpya. Akaniita ofisini kwake, kibanda cha mbao na kioo pembeni mwa chumba. "Lile daftari lako lina hazina," akaniambia. "Kila hatua iko na mwenyewe. Nitolee hesabu ya kila mtu. Ahadi ngapi alitimiza, ngapi alikosa."

Nikamwambia, "Patroni, tulikubaliana."

"Ni kwa macho yangu tu. Nataka kujua timu yangu. Mimi na wewe, basi."

Nilimweleza, ndiyo, nilimweleza. Nilimwambia mtu mmoja kwa mwezi anashika kazi chache, umeme ukikatika siku mbili tu mwezi wake wote unaonekana umeoza. Nilimwambia aliye mwisho wa mstari anarithi kuchelewa kwa wote waliomtangulia. Alinisikiliza huku anatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Kisha akasema, "Nitolee tu." Nami, mjinga wa kupindukia, nikaenda nyumbani na daftari, nikakaa sebuleni baada ya chakula, nikazitoa. Niliamini neno lake la pili baada ya kuniomba nilivunje la kwanza. Mjinga kama mimi anastahili kujipiga mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nikakuta karatasi ukutani, imechapwa kwa rangi mbili kwenye mashine yetu wenyewe. Majina manne. Mimi juu kabisa, maana ahadi zangu zilikuwa kupokea kazi na kuandika kijikaratasi chake cha maelezo, jambo la siku hiyo hiyo, hata mlevi angelitimiza. Wa pili mchapaji, wa tatu msanifu. Mama chini, kwa rangi nyekundu. Na maneno: atakayebaki wa mwisho baada ya miezi mitatu, mkataba wake hautaongezwa.

Mama akasimama mbele ya ile karatasi amevaa aproni yake, gundi imekauka kwenye vidole. Akaisoma taratibu. Kisha akanigeukia, hakunionyesha hasira. Akauliza tu, "Hesabu ulifanya wewe?"

Nikasema, "Aliniambia ni kwa macho yake."

"Eeh," akasema, akarudi mezani kwake. Alikuwa na miaka kumi na minne kwenye meza ile. Mume hakuwa naye tena, na umri wake ulikuwa ule ambao ukimwaga unga hakuna anayekuita kwa usaili. Hilo nililijua mimi, alilijua yeye, na alilijua patroni.

Nikaingia kwenye kile kibanda. Nilipandisha sauti, nakiri. "Umeniuza!" nikamwambia. "Mimi niliwaapia hawa watu!" Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Akaniambia niketi. Akaniambia mimi ni wa kwanza, nina haki ya kufurahi. Akaniambia watu wakijulikana watajirekebisha.

Na kweli walijirekebisha, kila mtu kwa namna yake. Wiki ile ile msanifu aliacha kuandika siku mbili, akaanza kuandika tano. Pleti zilikuwa tayari siku ya pili, niliziona kwenye rafu nyuma ya kompyuta yake, zimefunikwa gazeti. Nikamuuliza, kaka, mbona hutoi? Akacheka, uso mkavu. "Nikitoa leo, kazi ijayo atanidai siku mbili. Nitatoa siku yangu." Mchapaji naye akaanza kuchagua. Kazi ya rangi moja anainyakua, kazi ya rangi nne anaizungukazunguka mpaka apewe tarehe ya mbali. Na tarehe yake ikifika, anaandika "tayari", hata kama karatasi zingali mbichi. Haikuwa uongo, alikuwa amemaliza kuchapa. Kukauka hakukuwa na jina la mtu kwenye daftari.

Maswali nayo yakafa. Zamani mtu alikuwa anapiga kelele toka mwisho wa chumba, "Nimekwama!" Sasa aliyekwama anakaa kimya, maana kusema umekwama ni kujiandikia wekundu. Mwisho wa mwezi wa kwanza msanifu alikuwa ametimiza ahadi zake zote, mchapaji karibu zote, na mimi bila shaka nang'aa kileleni kama mpumbavu. Nikageuza kurasa kuangalia mstari wa chini, ule wa mteja. Zaidi ya nusu ya kazi zilitoka zimechelewa. Kila mtu yuko sahihi, na kiwanda kizima kimechelewa. Nilihesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Aliyebaki vile vile ni mama peke yake. Tarehe zake alizikadiria kwa ukweli, na aliziandika siku kazi inapopokelewa, kabla hajajua itamfikia lini. Siku tano za msanifu zikamla. "Tayari" mbichi za mchapaji zikamla. Nikamwambia, mama, na wewe ongeza siku, kila mtu anaongeza. Akaniangalia kama nimemwambia aibe. "Nikiongeza mimi, wewe utamwambia mteja nini? Utamwambia mwezi ujao kwa kadi mia mbili?" Na hakuacha kusaidia. Mimi nilikuwa namwona anainuka, nasema moyoni, kaa chini mama, kaa chini.

Mwezi wa tatu ukaja na kitabu cha kwaya. Ilikuwa kwaya ya parokia moja inayofanya jubilei, nakala mia nane za nyimbo, na sherehe ina siku yake, haiahirishwi kwa ajili ya mtu yeyote. Mama alikuwa bado wa mwisho kwenye ile karatasi, lakini kwa kidogo tu. Kazi ile ikienda sawa, anapanda. Ikiharibika, kwaheri.

Siku ya nne msanifu alikuwa amekwama na kurasa. Hakusema. Nilimwona anavyofuta na kupanga upya, jasho linamtoka. Mama naye alimwona toka kwenye meza yake, ambako alikuwa na kadi za ubatizo za kumaliza siku ile ile. Akaziacha. Akachukua karatasi chakavu, akakunja, akaandika namba, akaenda kukaa naye. Safari hii hazikuwa nusu saa, maana nyimbo zilikuwa na urefu tofauti na kurasa zilikuwa zimeongezeka. Walikaa tangu saa nne hadi saa tisa. Msanifu alimshukuru mbele yangu, akamwambia, "Mama, umeniokoa." Akatoa pleti siku yake ya tano, sahihi kabisa. Kadi za ubatizo zikatoka kesho yake. Mstari mmoja mwekundu kwa mama.

Mchapaji akapiga kazi usiku na mchana wa mvua, tarehe yake ikafika, akazipanga karatasi mirundo mirefu mpaka kiunoni na kuandika "tayari". Mama akainua ya juu, akaigusa kwa kidole, akanusa. "Mwanangu," akamwambia mchapaji, "hii bado iko mbichi. Iko inashikana."

"Tarehe yangu ni leo, mama. Mimi nimetoa."

Alipozitenganisha, wino wa karatasi ya chini ulikuwa umejipiga muhuri mgongoni mwa ya juu. Noti za wimbo mmoja zilionekana kama kivuli juu ya maneno ya mwingine. Zile za chini ya mrundo, zilizobebeshwa uzito wote, hazikufaa, ikabidi zichapwe upya. Zilizobaki angezikunja vile vile zingepaka uchafu kila mahali. Basi akazipanga mafungu madogo madogo kila palipo na nafasi, juu ya meza, viti, hata kwenye kaunta yangu, akangoja zikauke siku mbili nzima. Mimi na yeye tulikunja na kupiga pini mpaka vidole vikapata malengelenge. Vitabu viliifikia kwaya asubuhi ya sherehe, wakati vilitakiwa siku mbili kabla. Waliimba navyo. Lakini daftarini hatua iliyochelewa ilikuwa moja tu, kukunja na kupiga pini, na jina pale lilikuwa la mama.

Patroni akaita kikao. Tulisimama kuizunguka meza ndefu. Nilikwenda na daftari langu nimeliwekea alama, nimejiandaa kama wakili. Nikamwonyesha mstari wa chini wa miezi mitatu, nikamwonyesha tulivyokuwa kabla ya ile karatasi ya ukutani. Nikamweleza pleti zinavyolala kwenye rafu. Nikamweleza mirundo mibichi. Nikasema kitabu hiki kilipita mikononi mwetu wote, basi kama kimechelewa tumechelewa wote, na mtu aliyechukua muda wake akampa mwenziwe ndiye huyu huyu mnayetaka kumfukuza. Patroni alikuwa ananisikiliza kweli. Niliona uso wake unalainika. Akamgeukia msanifu. "Ni kweli? Mama alikupangia kurasa?"

Msanifu alitazama viatu vyake. Tulikuwa tumekula sahani moja na mtu huyu, harusi yake nilichangia na kucheza. Akasema, "Alipita mezani kwangu, patroni. Lakini kupanga nilipanga mwenyewe. Tarehe yangu nilitimiza."

Loo! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini hata pale nilimwelewa, na hilo ndilo linalonichoma. Akikubali kwamba alisaidiwa, yeye ndiye wa mwisho. Ile karatasi ilikuwa imetupanga hivyo, mmoja aokoke kwa kumtosa mwenzake.

Patroni akamgeukia mchapaji. "Mimi nilitoa kwa tarehe yangu," akasema yule. Ukweli mtupu, na haukumfaa mtu.

Kisha akanigeukia mimi. "Niambie jambo moja tu. Hesabu zile ulizozitoa, ni sahihi au si sahihi?"

"Ni sahihi, lakini..."

"Ni sahihi."

"Ni sahihi, patroni, ila..."

"Basi," akasema, akafunga daftari langu.

Mama alikuwa ananitazama. Ningeweza kusema nafuta jina langu, niweke mimi chini. Ningeweza kuichana ile karatasi. Ningeweza kuondoka naye. Nilikuwa nimefunga ndoa miaka miwili kabla, nina mtoto mchanga, nilikuwa wa kwanza kwenye orodha. Nikanyamaza. Mama akavua aproni, akaikunja kwa ustadi ule ule aliokunjia karatasi, akaiweka juu ya meza. Akaaga kila mmoja wetu kwa mkono, hata msanifu. Aliponifikia akasema, "Kile kitabu tulikifanya wote. Mbona kuchelewa kumekuwa kwangu?" Akashuka ngazi.

Nani atakuwa wa mwisho sasa? Hilo ndilo lililofuata, na kila mtu alilijua. Msanifu akaanza kuandika siku nane. Mwanamke aliyeajiriwa meza ya mwisho alijifunza haraka, akaandika kumi. Wateja wakaanza kusikia tena "Njoo Ijumaa," na safari hii nilikuwa nikilisema mimi, aliyenunua daftari la kuliua. Shule mbili zilizokuwa zikituletea kadi za ripoti kila muhula zikaenda kwa jirani.

Patroni aliona mwenyewe. Sitamnyima haki yake, mtu yule hakuwa mpumbavu. Asubuhi moja nikamkuta anabandua ile karatasi, anakwangua gundi kwa kucha. "Tutarudi kwenye hesabu ya pamoja," akasema, bila kunitazama. "Kazi imetoka kwa wakati au haikutoka. Hatua zibaki za kujifunza." Alilisema kama limemjia yeye kwenye ndoto. Ndani ya wiki kadhaa msanifu akaanza tena kupaza sauti akikwama, na mchapaji akaomba kukausha kupewe siku yake daftarini. Hakuna aliyetaja jina la mama. Kisha patroni akaniita. "Nenda ukamrudishe. Mwambie ni mimi nimesema. Mshahara ule ule, meza ile ile."

Nikapanda pikipiki mpaka Masaka, pembezoni mwa mji, ambako alikuwa na kiwanja kidogo na vyumba viwili. Nilikwenda moyo mweupe. Nilidhani nabeba habari njema, nilidhani deni langu linakwisha siku ile. Nilimkuta barazani na majirani wawili, wanakunja madaftari ya watoto wa shule kwa mkono. Mmoja anakunja, mwingine anapiga pini, yeye anakata kingo kwa kisu na rula ya chuma. Alinikaribisha vizuri. Akauliza hali ya mke wangu, akauliza kama mtoto ameota meno. Akanipa chai.

Nikamwambia nilichotumwa. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukata.

"Na sasa mnahesabu vipi?" akauliza.

"Kwa pamoja, mama. Kazi nzima, wote. Hakuna mtu peke yake."

"Kama mwanzo."

"Kama mwanzo kabisa," nikasema, kwa furaha.

Akaweka kisu chini. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona macho yake yamejaa.

"Kwa hiyo siku ile unakaa nyumbani kwako unatoa hesabu yangu," akasema, "ulikuwa unajua haki ni ipi."

Wale majirani wakaacha kukunja. Utetezi nilikuwa nao, patroni aliahidi akanisaliti, msanifu alikana, nimeubeba miezi yote ile, nikilala nao na kuamka nao kwamba mimi nilisalitiwa.

"Nilikuwa najua, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Mwambie patroni ahsante. Hapa tuko watatu, tunachelewa pamoja." Akanihimiza nimalize chai iliyobaki kikombeni, akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote, akangoja nami mpaka pikipiki ikapita.